Bidoni Moja, Pikipiki Tatu

Leo nitawasomea picha. Najua redio haina macho, lakini picha yenyewe ni ya maandishi, kwa hiyo tutaelewana.

Ilifika kwenye telefoni yangu usiku mmoja, wiki chache zilizopita. Aliyeituma ni motari wa Kavimvira, kijana ninayemfahamu kwa sababu huleta moto yake garajini kwangu. Chini ya picha aliandika: «Jambo papa. Haya mafuta iko muzuri kwa moto yetu?» Aliandika «yetu», hakuandika «yangu», na baadaye nilielewa kwa nini. Wamotari watatu walikuwa wamechanga pesa wakanunua bidoni moja la lita nne, kwa kuwa ukinunua kubwa, kila lita inakuwa rahisi kidogo. Hesabu yao ilikuwa nzuri. Kila moto ingekula karibu lita moja, na ile ya nne ingebaki ya kuongezea.

Picha yenyewe ilikuwa ya upande wa mbele, iliyopigwa usiku kwa mwanga wa telefoni. Katikati ya bidoni palikuwa na doa jeupe la mwanga kama jua dogo, na doa hilo lilikuwa limemeza nusu ya maandishi. Yaliyosomeka ni haya: jina la mafuta kwa herufi kubwa za dhahabu, gari jekundu la mashindano linalokimbia, neno TURBO, kwenye kona 10W-30, na chini kabisa 4L. Jina la mafuta sitalitaja, kwa sababu mafuta yenyewe hayana kosa lolote, kama mtakavyosikia.

Sasa katika hayo yote, ni vitu viwili tu vilivyoniambia kitu. Gari jekundu haliniambii kitu, kila mwenye kiwanda anaweza kuchora gari. TURBO vilevile. Lakini 10W-30 ni habari, na hata hiyo 4L ni habari. Bidoni la lita nne limekatwa kwa kipimo cha motere ya gari dogo. Mafuta ya pikipiki kwa kawaida huja kwenye chupa ya lita moja, au pungufu, na huandikwa 4T, yaani motere ya mipigo minne. Ukubwa wa bidoni hauhukumu kesi, lakini ulinifanya nikae wima kitandani.

Nilimjibu kwamba siwezi kusema lolote kwa picha ya mbele. Uso wa bidoni ni wa kuuza. Maneno yanayomhusu mekanisia yako nyuma, kwa herufi ndogo, na huko ndiko watu hawapigi picha. Nilimwomba angoje asubuhi, apanguse vumbi kwa kitambaa, aliweke bidoni kivulini, azime ule mwanga wa telefoni, halafu asogee karibu mpaka lebo ya nyuma ijaze kioo chote. Na asilipige kwa mshazari. Herufi S ikipigwa vibaya husomeka 5, na 30 husomeka 50, na hapo utamshauri mtu kwa nambari ambayo haipo.

Saa moja asubuhi picha ya pili ikafika, safi kama maji ya Tanganyika wakati wa kiangazi. Lebo ilikuwa ya lugha mbili, Kiingereza na Kiarabu, kama yalivyo mabidoni mengi yanayotufikia kutoka nchi za Ghuba. Na upande wa chini palikuwa na duara yenye duara nyingine ndani yake, kama andazi lenye tundu. Ile duara ndiyo kitambulisho. Juu yake, kwa kufuata mviringo, imeandikwa API SERVICE SN. Katikati, SAE 10W-30. Na chini, kwenye mviringo tena, RESOURCE CONSERVING.

Maneno hayo ya chini ndiyo yaliyomaliza mambo, lakini tusiyakimbilie. Tuanze na nambari za katikati, maana hizo ndizo zinazobishaniwa kila siku pale kwenye maegesho ya moto.

Nimesikia mengi. Wako wanaosema 10W-30 ni mafuta ya kufanya kazi kati ya digrii 10 na 30 za joto. Wako wanaosema nambari ikiwa kubwa ndiyo mafuta yenye nguvu. Na wako wanaosema kwamba mafuta ya 20W-50 huwa membamba yakiwa baridi na mazito yakiwa moto. Hili la mwisho ndilo linalonichekesha, kwa sababu wanaolisema wamekula mawese tangu utoto. Peleka mawese Bukavu, asubuhi utayachota kwa kijiko kama uji ulioganda. Yalete huku Uvira mchana, yanamiminika yenyewe. Hakuna mafuta duniani yanayokuwa mazito kwa sababu yamepata joto. Yote hulegea. Tofauti ni kwamba mengine hulegea sana na mengine hulegea kidogo.

Nambari mbili za SAE zinasema mambo mawili. Ya kwanza, yenye W, inahusu baridi, na hiyo W ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Mafuta ya 10W yamepimwa kwenye digrii 25 chini ya sufuri kuona kama motere itaweza kuzunguka inapowashwa. Ya 20W yamepimwa kwenye digrii 15 chini ya sufuri. Sasa niambieni, ni lini Uvira ilipata baridi ya namna hiyo? Asubuhi yetu ya baridi kabisa, upepo ukishuka kutoka milima ya Mitumba, haishuki hata kufikia digrii 10. Kwa hiyo huku kwetu, nambari ya kwanza kati ya 10W na 20W haipaswi kumkosesha mtu usingizi. Hata wenzetu wa juu, wanaolala kwenye ukungu, haiwabani.

Nambari ya pili ndiyo yetu. Hiyo inapimwa mafuta yakiwa na joto la digrii 100, joto la motere iliyoshika kazi. Wanayaacha yateremke kwenye kijimrija chembamba, wanahesabu muda, wanapata kipimo cha mnato. Daraja la 30 huanzia 9,3 na haliruhusiwi kufika 12,5. Daraja la 40 huanzia hapo 12,5 na haliruhusiwi kufika 16,3. Daraja la 50 huanzia 16,3 na kuishia chini ya 21,9. Msijisumbue na jina la kipimo, shikeni picha tu: motere ikiwa moto, mafuta ya 50 yanaweza kuwa na mnato karibu mara mbili ya yale ya 30.

Je, ndiyo kusema 50 ni bora? Hapana. Inategemea nafasi iliyoachwa kati ya chuma na chuma wakati motere ilipotengenezwa, na joto ambalo motere hiyo inafikia. Ndiyo maana swali langu la pili kwa kijana lilikuwa: moto zenu ni za aina gani? Akajibu, zote tatu ni Boxer za 150. Basi. Hiyo ni motere ya silinda moja, haina radieta, haina maji, inapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda. Ikiwa inatembea kwa kasi barabarani, upepo upo. Ikiwa inapanda mlima polepole, abiria wawili nyuma na gunia la mihogo mbele kwenye tanki, jua la saa saba kichwani, upepo haupo, na mafuta ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya joto. Kitabu cha Boxer 150 kinataka 20W-50, na kinataka pia mafuta yenye alama ya JASO MA. Kwa hiyo hata kabla ya kufika kwenye maneno yale ya chini, bidoni la vijana wetu lilikuwa limeshaanguka katika somo la kwanza. Lina 30 mahali panapotakiwa 50.

Wako motari watakaonipigia simu kusema: lakini papa, Honda wanaweka 10W-30 kwenye moto zao! Kweli kabisa, Honda nyingi zinatumia 10W-30, na zinadumu. Lakini msome sentensi yote. Kitabu cha Honda husema mafuta yawe ya API daraja la SG au la juu zaidi, isipokuwa yale yaliyoandikwa kwenye duara kwamba yanaokoa nishati, tena yawe na JASO MA. Wenzetu wanakumbuka nambari tu, sharti linalofuata wanaliacha kwenye karatasi.

Kwa hiyo twende kwenye duara. Herufi za juu, API SERVICE SN, ni rahisi. API ni taasisi ya mafuta ya Wamarekani. S ikitangulia, mafuta yamepimwa kwa motere za esansi. C ikitangulia, ni za mazuti. Herufi ya pili inapanda na miaka: SG ni ya zamani, SJ ikaja baadaye, SL mwaka 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Mtu akisoma hivyo anasema, SN ni mpya kuliko SG, basi kijana amenunua mafuta mazuri zaidi. Na kwa gari ni kweli. Ila kila herufi mpya ilitengenezwa kwa kufikiria gari: gari linalotakiwa kula esansi kidogo, na gari lenye kichujio cha moshi kwenye ekzosi kisichopenda fosforasi. Kwa mafuta membamba kama 10W-30, kuanzia SM, kikomo cha fosforasi kimeshushwa zaidi, ingawa fosforasi hiyo pamoja na zinki ndiyo inayokinga vyuma vinavyosagana. Hakuna aliyekaa kwenye meza hiyo akimfikiria motari anayepanda Lemera.

Sasa yale maneno ya chini, RESOURCE CONSERVING. Maana yake ni kwamba mafuta haya yamethibitishwa kusaidia kuokoa esansi. Kwenye mabidoni ya zamani utakuta ENERGY CONSERVING, ni ukoo mmoja. Nani asiyetaka kuokoa esansi, kwa bei wanayotuuzia kadafi kando ya barabara? Lakini ulizeni, inaokolewa vipi. Wanayafanya mafuta kuwa membamba, na mara nyingi wanaongeza dawa ya kupunguza msuguano, kwa mfano ile yenye molibdeni. Chuma kikiteleza juu ya chuma bila kushikana, nguvu haipotei, na esansi inabaki kwenye tanki. Kwenye gari hiyo ni baraka tupu, maana ambreyaji ya gari iko nje ya motere, ni kavu, mafuta ya motere hayaigusi.

Kwenye moto ni jambo lingine kabisa. Fungueni kifuniko cha upande wa kulia wa Boxer muone. Ambreyaji, au klachi kama wanavyosema ng'ambo ya ziwa kule Kigoma, ni disiki kadhaa zilizopangwa kama chapati kwenye sahani: moja yenye gamba la kushika, moja ya chuma, moja yenye gamba, moja ya chuma. Springi zinazibana. Na zote zinaoga katika mafuta yaleyale yanayolainisha pistoni, yaleyale yanayolainisha meno ya vitesi. Mafuta mamoja, kazi tatu. Pistoni inataka utelezi. Meno ya vitesi yanataka mafuta yasiyokatikakatika, maana yale meno husaga mafuta mpaka yanapoteza mnato wake kabla ya wakati. Na disiki zinataka kinyume cha utelezi, zinataka kushikana. Ukimwaga humo dawa ya kupunguza msuguano, dawa haina akili ya kubagua. Itapunguza msuguano wa pistoni, na itapunguza wa disiki.

Wajapani waliliona hilo mapema, maana moto ni zao. Mwaka 1998 wakaweka kipimo chao, JASO T 903, ambacho huchukua mafuta na kuyajaribu kwenye disiki zenyewe kuona kama zinashikana. Yakishika vizuri yanaitwa MA. Yakiteleza yanaitwa MB, na hayo ni ya skuta ambazo ambreyaji yake haiogi mafuta. Baadaye MA ikagawanywa, MA1 na MA2, na MA2 ndiyo inayoshika zaidi. Kitabu kikisema MA, basi MA1 inaingia na MA2 inaingia. MB haiingii. Na alama yenyewe si neno tu lililotupwa kwenye lebo. Ni kisanduku kidogo, juu yake mfululizo wa herufi na nambari, ambao ni namba ya mafuta hayo kwenye daftari la JASO, na chini yake MA au MA2.

Kwenye picha ya kijana nilitafuta kisanduku hicho nyuma, pembeni, chini ya bei. Hakikuwepo. Nikamwandikia: usimwage.

Akanijibu kwamba yeye hajamwaga, lakini mmoja wao amemwaga tangu siku nne zilizopita, na ndiye aliyewafanya waulize. Hapo ndipo nilipoelewa ile «yetu». Huyo mwenzao alifanya vidanji Jumatatu. Kwenye tambarare, kutoka Kavimvira hadi Kiliba, moto ilikwenda vizuri, tena akasema imekuwa laini. Jumatano akapata abiria wa Lemera. Wanaoijua njia ile wanajua: ukiliacha bonde, mlima haukubembelezi. Katikati ya kupanda, akavuta gesi, motere ikalia kwa sauti ya juu, moto ikabaki palepale. Akavuta tena, ikalia zaidi. Abiria akashuka, akatembea. Kijana akafikiri pistoni imekwisha.

Nikamwambia ailete garajini, na sikugusa mafuta kwanza. Nilishika mkono wa ambreyaji kwenye gidoni. Kamba ikiwa imekazwa sana, springi hazibani disiki vizuri, na moto itateleza hata kama umeiwekea mafuta ya mfalme. Lazima mkono ucheze milimita kadhaa kabla ya kamba kuanza kuvuta. Wa kwake ulicheza vizuri. Kisha tukaenda barabarani, sehemu iliyonyooka, kwenye kitesi cha juu, mwendo wa wastani, nikamwambia afungue gesi ghafla. Moto nzima hunguruma na kuvuta pamoja, sauti na mwendo vinapanda vikiwa vimeshikana mikono. Yake ilipandisha sauti peke yake, mwendo ukafuata baadaye kwa uvivu. Hiyo ni ambreyaji inayoteleza, si pistoni. Pistoni iliyokwisha haikupi sauti ya juu, inakunyima nguvu na kukupa moshi wa buluu.

Lakini je, ni mafuta au ni disiki zilizochakaa? Hapa mekanisia wengi hukimbilia kuuza disiki mpya. Swali la kuuliza ni: ilianza lini? Disiki zinazochakaa huaga taratibu, wiki kwa wiki, kwanza kwenye mlima mkubwa, kisha mdogo, kisha hata tambarare. Yake ilikuwa nzima Jumapili, na Jumatano imelemaa, na kati ya siku hizo kitu kimoja tu kilibadilika. Tukamwaga mafuta yale yakiwa bado na joto, ili yatoke yote, tukanusa. Mafuta ya ambreyaji iliyoungua yana harufu kali, kama breki za lori linaloshuka Ngomo. Yake yalikuwa na harufu hiyo kwa mbali tu. Tukaweka 20W-50 yenye MA, nikamwambia akae nayo tambarare kwa siku chache, asibebe watu wawili, kisha arudi tumwage tena, maana magamba ya disiki hunywa mafuta kama sponji na hayatoi yote mara moja. Baada ya vidanji ya pili, moto ilivuta. Angeng'ang'ania kupanda Lemera wiki nzima na ule utelezi, magamba yangeungua yakawa kama kioo, na hapo mafuta mazuri yasingeyaponya. Angenunua disiki.

Yakabaki karibu lita tatu kwenye bidoni, na vijana wakataka kumrudishia muuzaji wakamfokee. Niliwazuia. Muuzaji aliulizwa mafuta ya motere akatoa mafuta ya motere. Mimi niliwauliza, nani katika familia ana Probox? Mmoja ana mjomba anayefanya taksi. Motere ya Probox nyingi zinazotembea hapa ni 1NZ, ya esansi, ambreyaji yake haiogi mafuta. Toyota wanaitakia kwanza 5W-30, na kwa joto la kwetu 10W-30 inaingia bila shaka, na daraja SN liko juu ya kile motere ile ilichohitaji ilipotoka kiwandani. Vidanji yake pamoja na filtri inakula lita 3,7, kwa hiyo mjomba aliongeza chupa moja ndogo ya daraja hilohilo, akawarudishia vijana sehemu ya pesa. Bidoni lilelile lililomshusha abiria njiani kwenda Lemera leo linatembea kati ya Mulongwe na Kalundu, na mjomba analisifu.

Naona swali linakuja, na ni la haki. Wengi wenu mmeweka mafuta ya gari ya 20W-50 kwenye moto kwa miaka, bila kisanduku cha JASO, na hamjateleza. Nawaamini. Yale maneno ya kuokoa nishati kwenye duara hutolewa kwa mafuta membamba, kwa hiyo 20W-50 haiyabebi, na mengi ya mafuta hayo hayana dawa kali ya kupunguza msuguano. Ukiwa Makobola, mafuta yamevuja, na dukani kuna 20W-50 ya SL tu, iweke ufike nyumbani. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyeyajaribu kwenye disiki, na kiwanda kinaweza kubadilisha mchanganyiko mwaka kesho bila kukuambia. Ninachokataa bila mjadala ni ile SAE 40 ya kupimiwa kwenye fusto, mara nyingi ya daraja CD. Hilo ni daraja la mazuti, la malori ya zamani, na API walikwisha kulifunga zamani. Na fusto halina lebo ya kupigwa picha.

Picha pia ina mwisho wake. Inanionyesha kilichoandikwa, hainionyeshi kilichomo. Maneno kama «yanafaa kwa» au «yanakidhi mahitaji ya» ni ahadi ya mwenye kiwanda peke yake. Ile duara ya API na kisanduku cha JASO vinaweza kuulizwa kwenye orodha zao, ukiwa na mtandao. Na hata hivyo, bidoni halali linaweza kujazwa tena uchochoroni. Kwa hiyo siku hizi naomba picha ya tatu, ya kifuniko. Ule mkanda wa plastiki chini ya kifuniko uwe haujakatika, na tarehe iliyopigwa kwa wino kwenye bidoni iwepo, isiwe imekwanguliwa.

Jana jioni kijana wa Kavimvira alituma tena. Safari hii ni chupa ya lita moja, kivulini, bila doa la mwanga, imepanguswa vizuri. Naiona 4T. Naiona 20W-50. Nakiona kisanduku, na chini yake herufi M na A zikisomeka bila shida. Lakini baada ya A pana kidole gumba, na ule mfululizo wa juu nao umefunikwa nusu. Inaweza kuwa MA, inaweza kuwa MA2, zote mbili zinamfaa. Hata hivyo nimemwambia aondoe kidole, apige tena. Mpaka naingia hapa studioni, alikuwa bado na abiria.